Radhi kwa Lugha Nne

Mimi hasira zangu ziko karibu, na waliofanya kazi nami wanalijua hilo, kwa hiyo sitajipamba. Siku mzee, mwajiri wangu, aliponisomea maneno aliyotaka kompyuta iwajibu watu akiwa Makka, nilimwambia usoni kwamba akiyatuma hayo tumekwisha. Alinitazama kwa upole wake ule unaozidi kukutia hasira, akasema, haya, maliza kunung'unika halafu uandike.

Ofisi yetu ilikuwa Tukuyu mjini, chumba kimoja nyuma ya duka lake la vifaa vya shamba, madirisha yanatoa jasho kwa baridi, mvua ikigonga bati mpaka simu husikii. Biashara ya mazao ilikuwa imeshafunguliwa, mtu yeyote mwenye leseni na moyo anaweza kutafuta mnunuzi ng'ambo. Mzee, ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani na cherehani, alikuwa amethubutu: alikusanya wakulima wa Kisondela, akawapa miche ya parachichi za kisasa, akatafuta washirika. Mmoja Uingereza, wawili Lubumbashi, na mkubwa kuliko wote Ujerumani, kampuni ya kuagiza matunda iliyokuwa imekubali kuchukua kontena letu la kwanza. Mimi nilikuwa mhazili, karani, mpokea simu na mtu wa kugombezwa. Pia nilikuwa mtoto wa Kisondela. Mama yangu alikuwa amekata migomba yake nusu shamba kupanda miti hiyo, na majirani walimfuata kwa sababu mwanawe yuko ofisini. Kontena lisipoondoka, ningepita wapi mimi?

Mwaka huo mzee alijaliwa kwenda Hija. Kutokuwepo kwake wiki zote hizo kulitaka kitu ambacho hatukuwahi kuwa nacho: jibu la kompyuta. Unaliandika mara moja, unaweka tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kila anayekuandikia barua pepe anajibiwa hapo hapo kwamba hupo, utarudi lini, na kwa haraka amwone nani. Kwa kuwa kompyuta haijui anayeandika ni Mwingereza au Mkongo, lugha zote zinapangwa katika ujumbe mmoja, moja chini ya nyingine, na juu kabisa unaweka mstari wa kumwambia Mjerumani na Mkongo washuke chini watakuta lugha yao. Tulikubaliana Kiingereza kianze, kifuate Kijerumani, kisha Kifaransa, na Kiswahili kimalizie.

Mpaka hapo hatukuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa wa maneno yenyewe. Mzee alikuwa ameyaandika kwa mkono, kwa Kiswahili, na mpaka leo nayajua kwa moyo: "Nimekwenda Hija, sitakuwepo ofisini. Kwa jambo la haraka mwandikie msaidizi wangu. Na kama niliwahi kukukosea, kwa kujua au kwa kutojua, naomba radhi yako kabla sijasimama Arafa. Kama una haki yako kwangu, mwambie msaidizi wangu akupe, maana huenda nisirudi."

Nilijua desturi yenyewe. Tukuyu nzima tunaijua, Waislamu na sisi wengine. Mtu akienda Hija anawaaga watu, anapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kwa sababu anajiandaa kama mtu anayeondoka moja kwa moja. Alikuja mpaka kwa mama yangu, akasimama uani kwenye matope, akaomba radhi, na mama akamwambia ndaga, yaani asante, nenda salama, hunidai sikudai. Lakini Mzungu wa matunda anajuaje hayo? Nilimwambia mzee, hao washirika wako utawaandikia mmoja mmoja barua za heshima, jibu la kompyuta liwe kavu kama wanavyoandika wenzetu. Akakataa.

"Ningekuwa nawakumbuka wote niliowakosea, ningewaandikia mmoja mmoja," akasema. "Siwakumbuki. Acha kila anayebisha hodi aombwe."

Nikaichukua karatasi yake kwa hasira, nikaenda kuandika.

Kiingereza nilikifanya mwenyewe. Kifaransa nilimpelekea mwalimu wa sekondari anayekifundisha, akakimaliza kwenye mapumziko ya chai bila kuuliza swali. Kijerumani nikakipeleka kwa mchungaji mstaafu, jirani yetu wa upande wa misheni, aliyekuwa amesoma Ujerumani ujanani na aliporudi akaanza kuvaa soksi na ndala, tabia ambayo mkewe hakumsamehe. Tulianza na saini, yaani ule mstari wa chini ya barua unaosema wewe ni nani. Alinifundisha kwamba jina la kampuni halitafsiriwi, wala anwani ya posta haiguswi. Kinachotafsiriwa ni cheo tu. Simu iandikwe kwa namba ya nchi, na ile sifuri ya mwanzo itoke. Tarehe ya kurudi mwezi uandikwe kwa neno, maana tarakimu tupu mwingine anasoma siku na mwingine anasoma mwezi. Na zile herufi za Kijerumani zenye vidoto nisizitumie. Tulijaribu kujitumia ujumbe kutoka anwani nyingine na zote zikafika alama za kuuliza. Akaniandikia kila moja kwa herufi mbili za kawaida, akasema hata wenyewe hufanya hivyo wakikwama.

Alipofika kwenye radhi, kalamu ilisimama. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Binti, hii ni nzuri sana kanisani," akasema. "Kwa mfanyabiashara wa kule, kampuni inayosema kama unatudai njoo uchukue, huenda tusirudi, ni kampuni inayofunga mlango."

Nilifurahi mno. Nikamwomba aje amweleze mzee mwenyewe, na akaja, siku hiyo hiyo, na mwavuli wake. Wakakaa dukani kati ya mafurushi ya mbolea wakaongea kama watu wawili wanaoheshimiana, yaani bila kukubaliana hata kidogo. Mchungaji akasema ataandika maneno yote lakini aongeze mstari wa kueleza Hija ni nini. Mzee akakubali hilo. Lakini la huenda nisirudi, akasema, likitoka, radhi yenyewe imetoka, kwa sababu mtu anayejua atarudi haombi radhi, anaomba likizo. Mchungaji akainua mikono, akanitazama mimi, nami nikatazama mbolea.

Basi nikayaweka yote kwenye kompyuta kama yalivyo. Mzee akaagwa kwa dua, tukamsindikiza mpaka kituo cha basi, na asubuhi ya kesho yake jibu likaanza kazi.

Wa Lubumbashi walijibu vizuri, mmoja wao akamwandikia mzee sala ndefu. Mwingereza akasema safari njema. Nikaanza kujiona mjinga kwa kelele zangu. Halafu ikaja ya Ujerumani, fupi, imeelekezwa kwangu kama ujumbe ulivyomwambia. Mnunuzi alikuwa ameuliza tu tarehe ya kuvuna, kompyuta ikamjibu na radhi juu yake. Sasa alitaka kujua: je, kampuni inafungwa? Kuna madai gani dhidi yake ambayo yeye hayajui? Mpaka atakapopata uthibitisho wa mkurugenzi mwenyewe, oda ya kontena imesimamishwa.

Niliisoma nimesimama. Kisha nikaketi, nikatukana kwa Kinyakyusa, lugha niliyoibakiza kwa matusi na maombi tu. Nilikuwa nimesema. Nilikuwa nimemwambia usoni.

Nilimpigia simu Mjerumani. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo na niliufunga mlango wa dukani ili nisikie. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu na baridi kuliko Tukuyu. Nilimweleza Hija, nikamweleza desturi, nikamwambia kule kwetu mtu mwema ndiye anayeomba hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mimi nina mamlaka ya kutia saini kwa niaba ya mkurugenzi. Nikasema mimi ni msaidizi. Akasema ndivyo alivyosoma kwenye saini yangu, na msaidizi hathibitishi jambo kama hili. Akasema pia, na hili lilinichoma, kwamba kwa uzoefu wake watu hawaombi msamaha bure. Niliagana naye kwa adabu, nikapiga meza mpaka mkono ukaniuma.

Jumapili nilikwenda Kisondela, na heri nisingekwenda. Kikundi cha wakulima kilikuwa kimeshapanga zamu za kuvuna, makreti yamepangwa chini ya mapaa, na mama ananiuliza mbele ya watu, lori linapanda lini? Parachichi lina uvumilivu, halilainiki mpaka ulichume, linakungoja mtini wiki kadhaa. Lakini halingoji milele. Likipitiliza linaanguka lenyewe, na hapo limebaki la madalali wa Kiwira, wanaoshindilia gunia mpaka linaota kichwa na bei wanapanga wao. Nikasema bado kidogo, tunasubiri meli. Uongo wa papo hapo. Mama akaniwekea ndizi, nikala nikiyatazama makreti.

Nilikuwa na dawa, na nilijua ilipo. Kufungua kompyuta, kufuta mistari miwili, basi. Jibu libaki kavu: sipo, nitarudi, mwandikie fulani. Kisha kumwandikia Mjerumani kwamba yalikuwa makosa ya tafsiri, tusameheane, tuendelee. Nilifungua ukurasa ule mara ngapi sijui, kidole kikiwa juu ya kitufe. Kilichonizuia si wema. Ilikuwa kwamba mzee aliniachia maneno yale kama amana, na mtu aliyekuachia amana yuko mbele ya Mungu wake, huwezi kumgeuzia kisogo kirahisi hivyo. Nikasema nitasubiri apige simu, aniruhusu mwenyewe.

Akapiga kutoka Madina, kwa simu ya mwenzake wa kundi, sauti yake imekauka. Kabla hajamaliza salamu nilimmwagia yote: oda imesimama, makreti yako chini ya mapaa, Mjerumani anadhani tumefilisika. Nikamwomba, mzee wangu, niruhusu nifute ile radhi.

Akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Amesema nini kuhusu radhi?"

Nikasema hakusema kitu, amesema kampuni inafungwa. Akauliza tena, kama hakunisikia, kama yule mtu amesema amesamehe au hakusamehe. Nikaanza kupandwa na hasira. Nikamwambia huyo hana habari ya kusamehe, anauliza madai gani, na anasema watu hawaombi msamaha bure.

Mzee akasema, taratibu, kwamba mtu huyo amesema kweli. Yale maboksi ya sampuli tuliyompelekea msimu uliopita, yaliyomfanya akubali, hayakutoka Kisondela. Mvua ya mawe ilikuwa imeyachubua matunda yetu, yamejaa makovu, naye akaogopa mlango utafungwa kabla haujafunguka. Akaenda kununua kwenye shamba kubwa la watu wengine, akabandika karatasi ya Kisondela. Mimi niliyafunga maboksi yale kwa mikono yangu, nikajivunia uzuri wa parachichi za mama.

"Sikumkumbuka," akasema. "Nimepita nyumba zote za Tukuyu na sikumkumbuka yeye. Sasa amekuja mwenyewe. Mwandikie ukweli."

Nilimwambia nikiandika hivyo kontena limekufa. Akasema mwandikie. Nikamwambia na mama yangu je, na wale watu aliowakatisha migomba? Nilipaza sauti, mteja dukani akageuka. Akasema, mwanangu, siwezi kusimama Arafa na maboksi ya mtu kichwani. Simu ikaisha salio au ikaisha maneno, sijui.

Nililia, nasema wazi. Nililia kwa hasira, na kwa sababu nilikuwa nampenda mzee yule na siku hiyo nilitamani asingekuwa mwema. Kisha nikaandika. Sikupamba: sampuli hazikuwa zetu, zilitoka mahali pengine, sababu ni hii, mkurugenzi anaomba radhi kwa jambo hilo kwa jina lake, na matunda ya Kisondela ya mwaka huu ni haya, njooni mtazame au tuwatumie mengine. Mchungaji akaitia barua hiyo Kijerumani bila kuongeza neno. Alipomaliza alinipa karatasi na kusema pole, kama unavyompa mtu pole ya msiba. Chini yake niliweka saini yangu, na pale kwenye cheo nikaacha kile kile, msaidizi.

Nikatuma. Nikakaa na roho mkononi. Haikupita hata dakika moja, jibu likaingia kutoka kwake, nikalifungua hapo hapo. Mistari mitatu, Kijerumani na Kiingereza. Asante kwa ujumbe wako. Siko ofisini, nitarudi baada ya wiki mbili. Kwa jambo la haraka, mwandikie mwenzangu, na jina la mwenzake hapo na anwani.

Kompyuta yake! Alikuwa amekwenda likizo, na radhi ya mzee wangu imepokelewa na mashine. Nilicheka peke yangu mpaka muuza duka wa mzee akachungulia. Yetu haikumjibu tena, nashukuru, maana ilikuwa imeshamjibu mara moja, na kwa mtu mmoja hairudii mpaka zipite siku kadhaa. Vinginevyo zingeombana radhi mpaka mzee arudi. Nikalisoma tena jibu lile kavu, safi, halina kosa hata moja. Ndivyo hasa nilivyotaka letu liwe.

Sasa nilikuwa na njia mbili. Kungoja wiki mbili huku matunda yanaanguka, au kumpelekea mwenzake, mtu nisiyemjua, siri ya mzee. Nilipiga moyo konde nikamtumia, yote kama ilivyo, na kuongeza kwamba matunda yako mtini na hayawezi kungoja likizo. Hilo la likizo lilikuwa ni hasira zangu. Lilishakwenda.

Siku iliyofuata hapakuja kitu. Mwingereza aliandika, Lubumbashi waliandika, mtu wa kuuza tangazo aliandika, na kompyuta yetu ikawaomba wapya radhi wote, hata huyo wa tangazo. Mama alinitumia salamu na bodaboda kwamba parachichi la kwanza limeanguka.

Asubuhi ya pili jibu likaja. Aliyeandika, yule mwenzake wa Mjerumani, alikuwa mwanamke, na aliandika Kiingereza cha polepole, kama mtu anayetaka aeleweke. Alisema walijua. Sampuli zile zilikuwa na ukubwa mmoja zote, jambo ambalo wakulima wadogo kutoka miti mbalimbali hawalipati. Waliliona siku walipofungua boksi. Waliweka oda hata hivyo, wakipanga kuyapima matunda bandarini na kuyakataa yote kama hayatalingana. Kuhusu radhi, alisema, hajui ofisi inajibuje jambo kama hilo, hawana maneno yake. Tutume maboksi mapya kwa ndege, kutoka miti yetu wenyewe, pamoja na yenye makovu, wajue wananunua nini. Yakifaa, oda itaendelea kwa nusu kontena.

Niliisoma mara nyingi. Nilifikiria kontena zima likifika bandarini na kukataliwa lote, jasho la mama limeoza ng'ambo, na sisi huku tunasubiri habari njema.

Mzee alipopiga alikuwa ameshatoka Arafa. Alikuwa na kikohozi na furaha ya mtu aliyechoka sana. Sikumpa salamu nikamsomea barua yote, kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, mpaka ya nusu kontena. Nilitegemea ataniuliza juu ya nusu iliyobaki, itakwenda wapi, tutawaambia nini watu.

"Kwa hiyo hakusema amesamehe," akasema.

Nikamwambia hapana mzee. Amesema hawana maneno yake. Amesema tutume maboksi mengine.

Nikamsikia anavuta pumzi, na nyuma yake kelele za watu wengi mno.

"Maboksi mengine," akasema. "Basi huyo amesamehe. Ambaye hajakusamehe hakuombi kitu tena."

Kisha akalia, mzee mzima, kwenye simu ya kuazima, na mimi nikangoja amalize, nikiwa nimeshika kalamu. Alipomaliza akaniambia niende Kisondela mwenyewe, nisimtume mtu, na nianze na mama yangu: nimweleze maboksi ya mwaka jana yalitoka wapi, na nimwombee radhi, kwa sababu ile aliyopewa uani alipewa bila mama kujua anasamehe nini. Nikafunga ofisi, nikaita bodaboda.